Kweli au Si Kweli: Sentensi Sita Kuhusu Thamani Aigeni

Ndugu zangu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote hamjambo.

Leo nimekuja na sentensi sita tu. Nitasoma moja moja, na kila nikisoma, anayeona ni kweli anyoshe mkono. Kisha tutaifungua sentensi hiyo pamoja tuone kilichomo. Mnaosoma hotuba hii kwa sababu hamkuweza kufika, nanyi nawaomba mjibu kwanza kabla ya kuendelea. Ukijibu kwanza ndipo utakapojua ulikuwa umeshika nini kichwani.

Tukumbushane kidogo. Matriksi ni mashine: unaitia vekta, inakupa vekta nyingine. Vekta nyingi zikipita humo hutoka zimeelekea kwingine. Chache hutoka zikiwa kwenye mstari uleule, zimerefushwa, zimefupishwa, au zimegeuzwa nyuma mbele. Hizo chache ndizo vekta aigeni, na namba inayosema vekta imerefushwa mara ngapi ndiyo thamani aigeni. Kwa alama tunaandika Av = λv, na v haruhusiwi kuwa vekta sifuri. Neno lenyewe ni la Kijerumani, "eigen", yaani "ya mwenyewe". David Hilbert ndiye aliyelitumia kwa maana hii mwaka 1904. Thamani ya mwenyewe. Mshike neno hilo "mwenyewe", maana tutalihitaji.

Na kwa kuwa hapa hatuna ubao, matriksi nitaziandika kwa mabano: [2 1, 1 2] maana yake safumlalo ya kwanza ni 2 na 1, na ya pili ni 1 na 2.

Sentensi ya kwanza: "Sifuri haiwezi kuwa thamani aigeni."

Naona mikono mingi. Jibu: si kweli.

Hapa mambo mawili yamechanganywa. Ni vekta ndiyo iliyokatazwa kuwa sifuri, namba haikukatazwa. Chukueni [1 2, 2 4] mkaitie vekta (2, −1). Safumlalo ya kwanza inatoa 2 − 2, ya pili inatoa 4 − 4. Vekta halali imeingia, na imetoka sifuri, yaani imezidishwa kwa 0. Basi 0 ni thamani aigeni ya matriksi hii, na nyingine ni 5. Tena habari hiyo ni kubwa: matriksi yenye thamani aigeni 0 haina matriksi kinyume, na isiyo na kinyume lazima iwe na thamani aigeni 0. Ukiikana sifuri, umejinyima njia rahisi kabisa ya kuutambua ukweli huo. Tusonge mbele.

Sentensi ya pili: "Ukirahisisha matriksi kwa hatua za safumlalo, thamani aigeni hazibadiliki, kwa hiyo unaweza kuzisoma kwenye ulalo mkuu."

Nani anaikubali hii? Msione haya. Hili ni kosa linalokula alama nyingi katika somo hili. Si kweli.

Mfikirieni mwanafunzi aliye kwenye chumba cha mtihani. Mbele yake kuna A = [2 1, 1 2]. Anakumbuka, na anakumbuka vizuri, kwamba matriksi ya pembetatu thamani zake aigeni ziko kwenye ulalo. Anakumbuka pia namna ya kuifanya matriksi iwe ya pembetatu: toa nusu ya safumlalo ya kwanza kutoka ya pili. Anapata [2 1, 0 1.5]. Anaandika jibu, 2 na 1.5. Tena ni mwangalifu, kwa hiyo anahakiki: 2 mara 1.5 ni 3, na detaminanti ya matriksi ya awali ni 4 − 1, nayo ni 3. Anafurahi, anageuza ukurasa.

Jibu sahihi ni 3 na 1. Itieni (1, 1) mpate (3, 3). Itieni (1, −1) mpate (1, −1).

Uhakiki wake ulimdanganya kwa nini? Kwa sababu kuongeza au kutoa mafungu ya safumlalo moja kwenye nyingine hakubadilishi detaminanti, na detaminanti ndiyo zao la thamani aigeni zote. Zao likabaki 3 huku namba zenyewe zikiwa zimeharibika. Kama angehakiki jumla, angeliona kosa papo hapo: jumla ya thamani aigeni ni jumla ya ulalo mkuu wa matriksi ya awali, yaani 2 + 2 = 4, ilhali majibu yake yanajumlisha 3.5. Hakikini vyote viwili, zao na jumla. Kwa matriksi ya 2 kwa 2, vikilingana vyote viwili, jibu ni sahihi bila shaka yoyote.

Sababu ya ndani ni ileile ya neno "mwenyewe". Hatua ya safumlalo ni sawa na kufunga mashine ya pili, tuiite E, mlangoni mwa kutokea. Sasa una mashine EA, na hiyo ni mashine nyingine yenye mali zake. Ukitaka kubadilisha sura ya matriksi bila kugusa thamani zake aigeni, lazima ufunge E mlango wa kutokea na kinyume chake mlango wa kuingilia. Kwa mfano wetu, baada ya kutoa nusu ya safumlalo ya kwanza kutoka ya pili, inabidi uongeze nusu ya safuwima ya pili kwenye ya kwanza. Inatoka [2.5 1, 0.75 1.5]. Jumla ya ulalo ni 4, detaminanti ni 3.75 − 0.75 = 3. Thamani zimesalimika, ila pembetatu imetoweka.

Sasa msitoke hapa mkidhani hatua za safumlalo zimepigwa marufuku. Mahali pake pa halali ni baada ya kupata λ, unapotafuta vekta. Chukua λ = 3, itoe kwenye ulalo mkuu, yaani andika A − 3I = [−1 1, 1 −1], rahisisha: safumlalo ya pili inakuwa sifuri tupu, na ya kwanza inakuambia x = y. Na hapo ndipo penye kinga yenu nyingine. Yule mwanafunzi angeijaribu 1.5 yake, angepata [0.5 1, 1 0.5], na baada ya kutoa mara mbili ya safumlalo ya kwanza, [0.5 1, 0 −1.5]. Hakuna safumlalo iliyokufa. Jawabu pekee ni vekta sifuri, iliyokatazwa. Ukifika kwenye A − λI na safumlalo zote zikabaki hai, usilazimishe vekta: rudi nyuma, λ uliyonayo si thamani aigeni.

Sentensi ya tatu: "Thamani aigeni ikijirudia, matriksi haiwezi kugeuzwa kuwa ya ulalo."

Si kweli. Ila ngoja, kinyume chake nacho si kweli. Kujirudia peke yake hakusemi lolote. Kugeuza matriksi kuwa ya ulalo ni kuifikisha, kwa ule ufundi wa milango miwili, mahali ambapo nje ya ulalo mkuu ni sifuri tupu, na kwa matriksi ya 3 kwa 3 hilo linataka vekta aigeni tatu zilizo huru.

Nawapa matriksi mbili za 3 kwa 3. Ya kwanza, P, ina 3 kwenye ulalo wote na 1 kwingine kote: [3 1 1, 1 3 1, 1 1 3]. Ya pili, Q, ni [2 1 0, 0 2 0, 0 0 5]. Zote mbili zina thamani aigeni 2, 2 na 5. Polinomia bainishi, yaani detaminanti ya A − λI ambayo mizizi yake ndiyo thamani aigeni, ni moja, jumla moja, detaminanti moja, nayo ni 20. Ukiambiwa thamani aigeni tu, huwezi kuzitofautisha.

Zitofautisheni basi kwa hatua tunayoijua. Toa 2 kwenye ulalo wa P: unabaki na matriksi ya 1 tupu. Ukiirahisisha, safumlalo moja inabaki hai na mbili zinakufa. Safumlalo mbili zilizokufa ni uhuru wa aina mbili, kwa hiyo vekta aigeni mbili zilizo huru: (1, −1, 0) na (1, 0, −1). Pamoja na (1, 1, 1) ya thamani 5, ni tatu, zinatosha kuigeuza P kuwa ya ulalo.

Toa 2 kwenye ulalo wa Q: unapata [0 1 0, 0 0 0, 0 0 3]. Zimebaki hai mbili, imekufa moja tu. Uhuru mmoja, vekta moja, (1, 0, 0). Ongeza ile ya 5, jumla ni mbili. Tulihitaji tatu. Q haigeuziki, hata ungeikokotoa usiku kucha. Kwa matriksi za namna hii ndipo tunapotumia umbo ambalo Camille Jordan alilitoa mwaka 1870, lenye zile 1 zinazobandikwa juu ya ulalo pale ambapo vekta zimepungua.

Kwa hiyo kila thamani inayojirudia ihesabieni hivi: imejirudia mara ngapi, na A − λI imeua safumlalo ngapi. Zikilingana kwa kila thamani, matriksi inageuzika. Matriksi linganifu yenye namba halisi zinalingana daima, na P ilikuwa linganifu.

Mnaotumia kompyuta, hapa kuna mtego. Chukueni kona ya Q, yaani [2 1, 0 2], mkaweke pale penye 0 namba ndogo mno, 0.0000000000000001, yaani kumi kwa kipeo cha −16, kiasi cha makosa ya kawaida ya kukadiria ndani ya kompyuta. Thamani aigeni zinakuwa 2 kujumlisha na kutoa kipeuo cha pili cha namba hiyo. Kipeuo chake ni kumi kwa kipeo cha −8. Kosa limekuzwa mara milioni mia moja! Skrini inaonyesha 2.00000001 na 1.99999999, na mtu anasema: "Aa, ziko tofauti, basi inageuzika." Anakuwa amejenga juu ya vumbi la ukadiriaji. Mkiona thamani mbili zilizoachana kwenye tarakimu ya nane, zitilieni shaka.

Sentensi ya nne: "Matriksi ya 3 kwa 3 yenye namba halisi tupu lazima iwe na angalau thamani aigeni moja halisi."

Mikono imepungua. Mmekuwa waoga sasa! Hii ni kweli.

Ingekuwa ya 2 kwa 2, ingekuwa uongo. Matriksi [0 −1, 1 0] huzungusha kila vekta robo ya duara, hakuna inayobaki kwenye mstari wake, na thamani aigeni ni i na −i. Namba halisi zimeingia, changamano zimetoka. Lakini kwa 3 kwa 3, polinomia bainishi ni ya kipeo cha 3. Upande mmoja grafu yake inatokea chini kabisa na upande wa pili inaishia juu kabisa, au kinyume chake. Lazima ivuke sifuri mahali fulani. Vilevile kwa 5, kwa 7, kwa kila ukubwa witiri. Changamano zikitokea kwenye matriksi halisi, hutoka mbili mbili, pacha kwa pacha, kwa hiyo katika tatu lazima moja ibaki peke yake.

Karne ya 18, Leonhard Euler alionyesha jambo ambalo hadi leo linashangaza ukilitafakari: uzungushe mpira utakavyo, kwa mizunguko mingi upendavyo, mradi kitovu kisihame, mwishoni kuna nukta mbili juu yake, zinazotazamana, zilizorejea mahali pake hasa. Mizunguko yako yote imekuwa sawa na mzunguko mmoja kwenye mhimili mmoja. Kwa lugha yetu, matriksi ya mzunguko ya 3 kwa 3 ina thamani aigeni 1, na vekta yake aigeni ni huo mhimili.

Neno moja kwa watumiaji wa NumPy. Iko `eigvals` kwa matriksi yoyote, na iko `eigvalsh` kwa matriksi linganifu. Hiyo ya pili, usipoipa maelekezo mengine, husoma pembetatu ya chini tu na kudhani ya juu inafanana nayo. Haikuulizi. Ukiipa [0 −1, 1 0], inaiona kama [0 1, 1 0] na kukujibu −1 na 1. Namba safi, halisi, na zote mbili ni za uongo. Hakikisheni ulinganifu kabla ya kuiita.

Sentensi ya tano: "Kupata thamani aigeni za matriksi kubwa, andika polinomia bainishi kisha tafuta mizizi yake."

Kwenye karatasi, kwa 2 kwa 2 na 3 kwa 3, ndivyo tunavyofanya. Kwa matriksi kubwa, ndani ya kompyuta, si kweli.

James Wilkinson alifanya kazi kwenye mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa Uingereza, ikiitwa Pilot ACE. Alichukua polinomia ambayo mizizi yake anaijua: (x − 1)(x − 2), na kuendelea hadi (x − 20). Mizizi ni 1 hadi 20, imepangwa kwa nafasi sawa, hakuna hata mmoja uliojirudia. Kuna polinomia iliyotulia kuliko hiyo? Ukiifungua mabano, namba inayozidisha x kwa kipeo cha 19 ni −210. Wilkinson akaisogeza namba hiyo moja kwa 2 kwa kipeo cha −23, karibu 0.00000012. Zingine zote hakuzigusa.

Mizizi kumi kati ya ishirini ikawa changamano. Ule uliokuwa 20 ukahamia karibu na 20.85. Mguso kwenye tarakimu ya saba baada ya nukta, na nusu ya majibu yamepotea.

Sasa linganisheni. Wekeni namba 1 hadi 20 kwenye ulalo wa matriksi, kwingine kote sifuri, mkaongeze 0.00000012 kwenye mahali pamoja pa ulalo. Thamani aigeni moja inasogea kwa 0.00000012, basi. Tatizo lenyewe lilikuwa tulivu. Kilicholiharibu ni kupita njia ya polinomia, kwa kuwa vizidishi vyake ni vikubwa kupita kiasi: kile cha mwisho ni zao la 1 hadi 20, namba yenye tarakimu 19, ilhali namba za kawaida za kompyuta hushika tarakimu 16 hivi.

Ndiyo maana programu hazipiti huko. Niels Abel alikwisha kuthibitisha mwaka 1824 kwamba kuanzia kipeo cha 5 hakuna fomula ya jumla ya mizizi, hivyo kukaribia hatua kwa hatua hakukwepeki. Njia inayotumika, inayoitwa QR, ilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na John Francis huko Uingereza na Vera Kublanovskaya huko Urusi, kila mmoja kivyake. Huivunja matriksi kuwa zao la mbili, Q na R, na Q hii si ile ya sentensi ya tatu, kisha huzizidisha kwa mpangilio uliogeuzwa, na kurudia. Kila kurudia ni ule ufundi wa milango miwili, hivyo thamani aigeni haziguswi huku matriksi ikisogea kuwa ya pembetatu. Na leo `numpy.roots`, ukiipa polinomia, huigeuza kuwa matriksi na kutafuta thamani aigeni zake. Barabara ni ileile, ila wasafiri wameelekea upande wa pili.

Sentensi ya sita: "Thamani aigeni zote zikiwa chini ya 1 kwa ukubwa, basi kila hatua vekta inapungua urefu."

Hii ndiyo niliyoiwekea muda. Nani anasema kweli? Karibu ukumbi mzima. Si kweli, na kosa hili halikutwi kwenye mitihani tu. Linakaa kwenye hesabu za udhibiti wa mitambo, za idadi ya viumbe, za kila kitu kinachokwenda hatua kwa hatua.

Tuchukue A = [0.9 5, 0 0.8]. Ni ya pembetatu, tunasoma ulalo: 0.9 na 0.8. Hazijirudii, inageuzika kuwa ya ulalo, haina lawama yoyote ya sentensi ya tatu. Tuanze na vekta (0, 1), urefu wake 1. Tuipitishe mara ya kwanza: (5, 0.8). Urefu umepita 5! Mara ya pili: 0.9 mara 5 ni 4.5, ongeza 5 mara 0.8 ambayo ni 4, tunapata 8.5. Mara ya tatu 10.9. Ya nne 12.3. Ya tano 13.1. Ya sita 13.5. Hapo ndipo kilele. Kisha inaanza kushuka, polepole mno: hatua ya 20 bado ni 5.5, na ni hatua ya 38 ndipo urefu unarudi chini ya 1 tulipoanzia.

Msiniamini mimi, iendesheni wenyewe:

```python
import numpy as np
A = np.array([[0.9, 5.0], [0.0, 0.8]])
x = np.array([0.0, 1.0])
for n in range(1, 41):
    x = A @ x
    print(n, np.linalg.norm(x))
```

Thamani aigeni zimesema uongo? Hapana. Zimesema kweli tupu: mwishowe vekta itakwenda sifuri. Zilichokisema ni mwishowe. Za njiani hazikuulizwa.

Tuangalie njiani, basi. Vekta aigeni ya 0.9 ni (1, 0). Ya 0.8 ni (−50, 1). Ichoreni hiyo ya pili: inakwenda hamsini kushoto na moja tu juu. Mistari ya vekta hizi mbili karibu ilaliane; pembe kati yake ni kama digrii 1.15. Sasa ile (0, 1) yetu, iliyosimama wima, tuieleze kwa hizo mbili. Inahitaji vekta (−50, 1) moja nzima, pamoja na (1, 0) hamsini. Mnaona kilichojificha? Ndani ya vekta fupi ya urefu 1 kuna vekta mbili za urefu wa 50 zinazovutana pande mbili na kufutana. Utulivu wake ulikuwa wa mizani iliyosawazishwa kwa mizigo mikubwa.

Pitisha mara moja. Mzigo wa kulia unazidishwa kwa 0.9, unakuwa 45. Wa kushoto unazidishwa kwa 0.8, unakuwa 40. Yote miwili imepungua, kama thamani aigeni zilivyoahidi. Lakini haijapungua sawa, na tofauti yake ni 5. Pitisha tena: 40.5 kwa 32, tofauti 8.5. Kila mmoja anapungua, na tofauti inaongezeka. Vekta haikuwa inakua kwa nguvu mpya; ni kufutana ndiko kulikokuwa kunavunjika. Hatua ya sita tofauti inafika kilele, kisha hata mzigo wa 0.9 unaanza kuishiwa, na kila kitu kinashuka.

Je, kushuka huko mwishoni hakutoshi? Inategemea kilichoko njiani. Mlinganyo halisi wa kitu halisi mara nyingi umerahisishwa, na urahisishaji huo unafaa tu vekta ikiwa ndogo. Kitu kilichokadiriwa kufanya kazi hadi urefu wa 3, kikifika 13 hatua ya sita, hakipo tena kwenye hesabu yako. Hakiwezi kuingoja hatua ya 38. Ndivyo mtu anavyopata mfumo uliothibitishwa kuwa tulivu kwenye karatasi, na ukavunjika ukiwashwa.

Mtajuaje mapema? Matriksi linganifu hazina hatari hii: vekta zake aigeni zinakutana kwa pembe mraba, hakuna mizigo mikubwa ya kufutana, na hapo sentensi ya sita inakuwa kweli. Kwa nyingine, usiishie kuuliza thamani aigeni. Ziombe na vekta zake, uzipange kuwa matriksi V, kisha uliza namba ya `np.linalg.cond(V)`:

```python
w, V = np.linalg.eig(A)
print(w, np.linalg.cond(V))
```

Vekta zikikutana kwa pembe mraba, namba hiyo ni 1. Kwa A yetu ni karibu 100. Maana yake ni dhahiri: baada ya hatua n, urefu hauwezi kuzidi namba hiyo mara 0.9 kwa kipeo cha n, mara urefu wa mwanzo. Ni dari, wala si utabiri. Sisi dari ya hatua ya sita ilikuwa kama 53 na tulifika 13.5. Ikiwa 1 au 2, lala usingizi. Ikiwa mamia au maelfu, usitie saini kwa kutazama thamani aigeni peke yake: endesha hatua zenyewe, kama tulivyofanya, uone kilele kiko wapi.

Na kama A ni ya namna ya Q yetu ya sentensi ya tatu, ambayo vekta hazitoshi kabisa, namba hiyo itatoka kubwa ajabu, au NumPy itakwambia V haina kinyume ukijaribu kukitafuta. Hapo hakuna dari ya kutegemea. Hesabu A kwa vipeo vyake moja kwa moja, hatua baada ya hatua, na utazame urefu.

Nimemaliza sentensi zangu. Karibuni maswali, na mwenye matriksi yake iliyomsumbua ailete hapa mbele tuitoe λ kwenye ulalo tuone safumlalo ngapi zinakufa.